Waliosema "Sawa" Mkutanoni

Mwaka 2016 kampuni iliyokuwa na mradi wa umeme wa upepo Kinangop, katika Kaunti ya Nyandarua nchini Kenya, ilitangaza kuachana nao. Ungezalisha megawati 60.8. Wawekezaji walikuwa wamepatikana, na upepo wa Kinangop haukuwa na kasoro. Kilichoushinda mradi ni wakulima wa pale, waliokuwa na maswali kuhusu ardhi, fidia na afya zao. Majibu hayakuwaridhisha, maandamano yakafuata, kazi ikasimama, na fedha zikaliwa na ucheleweshaji.

Karibu kila mradi mkubwa siku hizi una orodha ya wadau. Huandikwa mapema, huambatanishwa na andiko la mradi, na mfadhili huipitisha. Orodha hiyo inakuambia nani yupo. Haikuambii amesimama wapi leo, wala anatakiwa asimame wapi ili kazi ipite. Kazi hiyo hufanywa na karatasi nyingine, ndogo kuliko orodha, ambayo wasimamizi wa miradi huiita jedwali la kutathmini ushiriki wa wadau. Taasisi ya Usimamizi wa Miradi ya Marekani, PMI, iliiweka katika toleo la tano la mwongozo wake lililotoka mwaka 2013, toleo ambalo kwa mara ya kwanza lilizipa shughuli za wadau sura yake yenyewe.

Umbo lake ni jepesi. Wadau wanapangwa kwenda chini, kila mmoja na mstari wake. Kwenda kulia kuna nafasi tano: hajui kama mradi upo, anajua na anapinga, anajua lakini hana upande, anaunga mkono, yuko mbele, yaani anausukuma mwenyewe bila kuombwa. Katika kila mstari unaweka herufi mbili. S ni pale alipo sasa, L ni pale unapolenga awe. Nafasi iliyo kati ya herufi hizo ndiyo pengo, na kila pengo linadai hatua ya kuliziba. Herufi zikikaa pamoja, kazi ni kumtunza mtu huyo asirudi nyuma.

Kujaza karatasi hiyo ni kazi ya nusu saa. Kuijaza kwa ukweli kunaweza kuchukua wiki tatu, na ili tuone kwa nini, tuchukue mradi wa maji wa kijiji. Kijiji chenyewe ni cha mfano, ila yaliyomo ndani yake yatatambuliwa na yeyote aliyewahi kufanya kazi na jumuiya ya watumiaji maji Tanzania.

Kijiji kina watu 1,500, kisima kirefu chenye pampu ya umeme jua, tenki moja, na vilula sita. Hesabu ya vilula inafuata Sera ya Maji ya mwaka 2002, iliyotaka kituo kimoja kwa watu 250, kisizidi mita 400 kutoka nyumbani. Ndoo ya lita 20 ni shilingi 50. Kila kilula kina mhudumu anayefungua asubuhi, anapokea fedha mkononi, anapeleka makusanyo kwa mhazini wa jumuiya na kubaki na asilimia 20 kama ujira wake. Pampu imeharibika mara mbili na mara zote jumuiya haikuwa na akiba ya kuitengeneza. Sasa unakuja mradi wa kufunga dira za malipo ya kabla. Mwananchi ananunua salio, anagusisha kitufe chake kwenye dira, maji yanatoka mpaka salio liishe, na fedha zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya jumuiya. Wenyeji wameshaibatiza LUKU ya maji.

Mratibu wa mradi anaitisha mkutano mkuu wa kijiji. Anaeleza, watu wanasikiliza, mwenyekiti anauliza kama kuna mwenye swali. Mzee mmoja anauliza habari ya barabara. Mwenyekiti anasema, "Basi ndugu zangu, tumekubaliana?" Mkutano unaitikia, "Sawa!" Mratibu anarudi mjini na kuandika kwenye jedwali kwamba jamii yote inaunga mkono.

Hapo ndipo majedwali mengi yanapofia. Kwetu "sawa" ya mkutanoni ni adabu kwa mgeni na heshima kwa mwenyekiti. Mtu mzima hamkatalii mgeni hadharani, hasa mgeni aliyekuja na gari la halmashauri. Herufi S haiwezi kuwekwa kwa neno la mkutanoni. Inawekwa kwa kile mtu anachofanya: nani alikuja kuchimba mtaro siku ya msaragambo na nani alimtuma mtoto; nani anauliza habari za bei, maana anayeuliza bei ameanza kujiona ndani ya mradi; nani alijiandikisha kupata kitufe na nani anasema atajiandikisha wiki ijayo kila wiki. Kimya nacho kina maana zaidi ya moja. Kinaweza kuwa cha mtu asiye na upande, au cha mtu anayepinga na anasubiri mgeni aondoke.

Baada ya wiki tatu za kutembelea vitongoji na kukaa vilulani, jedwali la mratibu mwangalifu lingefanana na hili:

| Mdau | Hajui | Anapinga | Hana upande | Anaunga mkono | Yuko mbele |
|---|---|---|---|---|---|
| Mwenyekiti wa jumuiya ya maji | | | | S | L |
| Meneja wa RUWASA wilaya | | | | S L | |
| Mwenyekiti wa kijiji | | | S | L | |
| Wahudumu wa vilula | | S | | L | |
| Wauza maji wa baiskeli | | S | L | | |
| Wafugaji wa kitongoji cha juu | S | | | L | |
| Shule ya msingi | | | | S L | |

Litazame vizuri kabla ya kuendelea, maana kuna mambo mawili ambayo anayeanza hukosea. La kwanza, L haikuwekwa kwa kila mtu kwenye nafasi ya mwisho. Mwenyekiti wa jumuiya peke yake ndiye anayetakiwa kuwa mbele. Ukiwataka watu saba wawe mbele utapata mabwana saba wa mradi mmoja, na ugomvi wao utakuchosha kuliko wapinzani. La pili, wauza maji wa baiskeli wamelengwa kuwa bila upande. Watu hao hununua ndoo kwa shilingi 50 na kuiuza mlangoni kwa bei ya juu zaidi. Hawana sababu ya kuupenda mradi, na mradi hauhitaji upendo wao. Unahitaji wasieneze habari kwamba vitufe vinaiba salio. Kwa hiyo hatua kwao ni fupi: kuwahakikishia kwamba nao watauziwa maji kwa kitufe kama mteja mwingine, na kwamba hakuna atakayewafukuza kilulani. Hilo linatosha kuwatuliza, na mratibu anageukia penye uzito.

Uzito uko kwenye mstari wa wahudumu. Kwenye majedwali mengi, mbele ya mstari kama huu, safu ya hatua huandikwa maneno mawili: "kutoa elimu". Ni maneno yanayoandikwa na mtu aliyechoka. Wahudumu hawa hawakosi elimu. Wanaujua mradi vizuri kuliko mratibu mwenyewe, na ndiyo maana wanaupinga. Tupige hesabu zao.

Kilula kimoja kinakabidhi kwa mhazini mauzo ya ndoo 150 kwa siku, yaani shilingi 7,500. Asilimia 20 ni shilingi 1,500 kwa siku, au 45,000 kwa mwezi. Kwa mama anayekaa hatua mia kutoka kilulani, akiuza na vitumbua papo hapo, hizo ni ada na sare za watoto. Dira ikifungwa, ujira huo unakufa siku hiyohiyo. Mratibu anapendekeza kwamba wahudumu wawe mawakala wa kuuza salio, wapate asilimia 5, kama wanavyopata wenye vibanda vya miamala ya simu. Mkutanoni inasikika vizuri. Kwenye karatasi, asilimia 5 ya 7,500 ni shilingi 375 kwa siku, au 11,250 kwa mwezi. Umemwomba mtu auunge mkono mradi unaompunguzia robo tatu ya kipato chake. Pengo liko palepale, limepakwa rangi tu.

Basi hesabu inarudiwa. Wakala apate asilimia 10, ambayo ni 22,500 kwa mwezi, na jumuiya imlipe 20,000 nyingine kwa kusafisha kilula, kuangalia koki zinazovuja na kuwasaidia wazee wasiojua kugusisha kitufe. Jumla ni 42,500, karibu na 45,000 ya zamani. Kwa wahudumu sita jumuiya inatoa 255,000 badala ya 270,000, kwa hiyo haikupata hasara. Hatua ya namna hii inagusa sababu yenyewe ya pingamizi, na imeubadilisha mradi, siyo mdau. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipimo cha jedwali lililofanyiwa kazi: ukiona hatua zake zote ni za kuwabadilisha watu mawazo, na hakuna hata moja iliyogusa mkataba, ratiba au bajeti ya mradi, ujue mwandishi alishaamua kwamba mradi hauna kosa.

Mratibu anapeleka pendekezo hilo kwa wahudumu. Wawili wanalipokea kwa furaha. Wanne wanaitikia "tutafikiria", na wiki inayofuata kwenye vilula vyao watu wanasema dira zinaleta kansa. Kuna kitu hesabu hailioni.

Kitu hicho kiko kwenye dira kubwa ya kutoka kwenye tenki. Inasoma lita 24,000 kwa siku, sawa na ndoo 1,200. Wahudumu sita wakikabidhi ndoo 150 kila mmoja, zinafika 900. Ndoo 300 hazina maelezo. Kabla ya kumnyooshea mtu kidole, fundi wa jumuiya anafanya jambo la busara: anafunga vilula vyote saa nne usiku, anasoma dira ya tenki, anaisoma tena saa kumi alfajiri. Imetembea lita 500 wakati hakuna anayechota. Lita 500 kwa saa sita ni lita 2,000 kwa siku nzima, yaani ndoo 100 zinazovujia ardhini. Zinabaki 200. Kwa shilingi 50 hizo ni 10,000 kila siku, na zikigawanywa kwa vilula sita ni kama 50,000 kwa mwezi kwa kila kilula, zaidi ya ujira halali.

Si zote ziliingia mfukoni. Mama mmoja akiulizwa kwa upole, bila daftari mkononi, atasema, "Mwanangu, nimwambie bibi yule hana shilingi hamsini arudi na ndoo tupu? Na msibani nako nikadai?" Maji ya mazishi, maji ya wazee, maji ya mkopo yasiyolipwa, yote yamo ndani ya ndoo 200. Na mengine, ndiyo, yaliuzwa na fedha hazikufika kwa mhazini. Wahudumu wawili waliofurahia pendekezo wana upungufu mdogo. Wale wanne wana upungufu mkubwa.

Kwa hiyo mstari mmoja wa "wahudumu wa vilula" ulikuwa uongo. Ulikuwa na watu wa aina mbili wenye masilahi tofauti, ukawapa herufi moja. Unakatwa vipande viwili. Wawili wanaokabidhi vizuri: S imeshafika kwenye kuunga mkono, na L nayo iko hapo. Wanne: S ni kupinga, na L inashushwa kutoka kuunga mkono hadi bila upande, kwa sababu mradi hauwezi kufidia fedha ambazo hazikuwa halali, na haupaswi kujidanganya kwamba utaweza. Kinachowezekana ni kuwapa njia ya kutoka bila aibu. Jumuiya inatangaza kwamba haitafukua hesabu za nyuma, nafasi ya uwakala iko wazi kwao mpaka tarehe fulani, na asiyeitaka nafasi yake itatangazwa. Kushusha L si kushindwa. Ni kuacha kupoteza miezi kwa kusubiri makofi ya mtu ambaye kukaa kwake kimya kunatosha.

Yale maji ya bibi na ya msibani nayo yamezaa mdau mpya ambaye hakuwa kwenye karatasi: kaya zisizo na uwezo. Mhudumu alikuwa ndiye bima yao, na dira haimjui mtu. Wanaingizwa kwenye jedwali, S yao ikiwa hajui, na hatua ni kwamba kila mwezi jumuiya ijaze kiasi cha maji kwenye vitufe vya kaya zitakazotajwa na mkutano wa kitongoji, na iwe na kitufe kimoja cha misiba kinachokaa kwa mwenyekiti wa kitongoji. Ni gharama ndogo ukiilinganisha na shilingi 10,000 za kila siku, na inawanyang'anya wapinzani hoja yao nzuri kuliko zote.

Mstari wa wafugaji una somo jingine. S iko kwenye hajui, L kwenye kuunga mkono, na mtu angedhani ni suala la kwenda kuwaeleza wakahamia kulia moja kwa moja. Mara nyingi mtu akitoka kwenye kutojua, kituo chake cha kwanza ni kupinga. Mfugaji akisikia kwamba maji yatalipiwa kwa lita, swali lake la kwanza ni ng'ombe arobaini watakunywa kwa kitufe gani. Ukienda bila jibu umetengeneza mpinzani kwa mikono yako. Afadhali taarifa icheleweshwe wiki mbili, hadi jumuiya ikubaliane kuhusu birika la kunyweshea mifugo lenye dira yake na bei yake, ndipo waitwe. Lakini isicheleweshwe mpaka wasikie kwa wauza maji wa baiskeli.

Mwenyekiti wa kijiji, kwa upande wake, hana upande kwa sababu za kisiasa. Dira zikifanya kazi, sifa ni za jumuiya. Zikigoma, lawama zitapigiwa hodi nyumbani kwake. Huhitaji semina kwa hilo. Mpe nafasi ya kutangaza mwenyewe mpango wa kaya zisizo na uwezo, na hakikisha taarifa ya mapato inasomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Sifa zikimfikia, atahama.

Kila hatua inaandikwa na mambo matatu: nani ataifanya, lini, na tutajuaje kwamba pengo limeziba. Jambo la tatu ndilo linalorukwa. "Wahudumu wameelewa" haipimiki. "Wahudumu wawili wamesaini mkataba wa uwakala na wamesajili kaya zote za kilula chao kabla ya tarehe 15" inapimika, na tarehe 16 herufi S inasogezwa au inabaki palepale.

Kuna tahadhari moja ya kawaida kabisa ambayo imewatia watu aibu. Karatasi hii ina majina ya watu wanaoishi jirani, na mbele ya baadhi yao limeandikwa neno "anapinga". Siku hizi karatasi hupigwa picha na kurushwa kwenye kundi la WhatsApp kabla chai haijapoa. Mtu akijikuta humo ameitwa mpinzani, kesho yake atakuwa mpinzani kweli, hata kama jana alikuwa na shaka tu. Nakala inayobandikwa ofisini iwe na hatua na tarehe bila herufi. Nakala yenye S na L ikae kwa watu wawili au watatu, na sababu za mtu ziandikwe kwa lugha ambayo ungeweza kumsomea mwenyewe usoni: "atapoteza 45,000 kwa mwezi" badala ya "mkaidi".

Dira zikishafungwa jedwali halitupwi. Linapitiwa kila mwezi, na mara nyingi atakayekushtua ni yule uliyemwona salama. Katika kijiji chetu ni shule. Zamani wanafunzi walichota kilulani, na mhudumu aliandika deni ambalo halikuwahi kudaiwa kwa nguvu. Mwalimu mkuu aliusifu mradi kila kikao, herufi zake mbili zikakaa pamoja, na hakuna aliyemwendea tena. Mwezi wa pili salio la shule linaisha tarehe 9. Vyoo havina maji, uji haupikwi, na mwalimu mkuu anawaambia wazazi kwamba mambo yalikuwa nafuu zamani. S yake imeruka hadi kwenye kupinga ndani ya wiki moja. Hatua inayohitajika ni bei ya taasisi na ankara ya mwisho wa mwezi badala ya malipo ya kabla. Hilo ni jambo la kuamuliwa na kamati ya jumuiya pamoja na RUWASA, kabla kikao cha wazazi hakijafika.